Jinsi ya kuwaandikia wafadhili barua ya pengo la bajeti shilingi inapoanguka: mwongozo kamili

Barua za aina hii nimezisoma nyingi, za waratibu wenzangu wa mashirika madogo ya misaada ya Likoni, Kisauni na Changamwe, na karibu zote hukwama pahali pamoja. Mratibu anaandika, "Kutokana na kuanguka kwa shilingi, bajeti yetu ina pengo." Mfadhili aliyeko Hamburg anaisoma, anaipiga hesabu kichwani, kisha anajibu kwa sentensi moja: shilingi ikianguka, si yuro zangu zinawapa shilingi nyingi zaidi? Mratibu hana jibu. Kuanzia hapo kila tarakimu anayoandika inatiliwa shaka.

Swali la mfadhili huyo ni la haki. Shilingi inapoanguka, shirika linalopokea yuro na kulipa kwa shilingi hupata nafuu. Anayeumia ni yule anayepokea shilingi na kulipa kwa dola. Mashirika mengi madogo ya hapa Mombasa yako pande zote mbili kwa wakati mmoja, na barua nzuri ni ile inayoonyesha pande zote mbili.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: shirika dogo la Likoni linalowapa watoto wenye mtindio wa ubongo viti vya magurudumu, mwaka 2023. Tarakimu za shirika nimezipanga mwenyewe ziwe rahisi kufuata. Mwendo wa shilingi ni ule wa kweli: mwaka ulianza dola ikiwa karibu shilingi 123 na ukaisha ikiwa zaidi ya 156.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuandika

- Bajeti iliyopitishwa na kamati, pamoja na kiwango cha kubadilisha fedha kilichotumiwa kuitengeneza. Kama kiwango hicho hakikuandikwa popote, tafuta kumbukumbu za kikao. Bila hicho huna pa kuanzia.
- Profoma, yaani karatasi za bei ambazo muuzaji hutoa kabla hujalipa, na ankara zote zilizoandikwa kwa dola.
- Stakabadhi za benki za kila mara uliponunua dola au kuuza fedha za kigeni. Hizi ndizo ushahidi wako mkuu.
- Taarifa ya akaunti ya benki na ya M-Pesa tangu Januari.
- Orodha ya ahadi za wafadhili: nani, kwa sarafu gani, na kwa kusudi gani.
- Viwango vya Benki Kuu ya Kenya vya siku zilezile ulizobadilisha fedha. Vinatolewa kila siku ya kazi kwenye tovuti yake.

Kikikosekana kimoja, kitafute kwanza. Nimeona barua ikitumwa kwa ahadi kwamba stakabadhi "zitafuata", na mwezi mzima ukapita watu wakiulizana ziko wapi.

## Hatua ya 1: Tenga sarafu inayoingia na sarafu inayotoka

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika fedha zinazoingia, kulia zinazotoka. Kando ya kila moja andika sarafu ambayo *ahadi* au *bei* imefungwa kwayo. Usitazame sarafu iliyopita mkononi. Muuzaji anaweza kukubali kulipwa shilingi, lakini kama profoma yake inasema dola 250, bei hiyo ni ya dola.

Shirika letu la mfano lilikuwa hivi. Zilizoingia: shilingi 2,040,000 kutoka kwa wafanyabiashara wa mjini, jamaa walio Nairobi na michango ya msikitini, na yuro 2,000 kutoka kwa familia moja Ujerumani. Yuro hizo ziliwekwa kwenye bajeti kwa shilingi 130 kila moja, yaani 260,000. Jumla 2,300,000.

Zilizotoka: viti 40 kwa dola 250 kila kimoja, yaani dola 10,000, zilizowekwa kwa kiwango cha 125, yaani shilingi 1,250,000. Mishahara ya fundi na mtaalamu wa viungo, 720,000. Usafiri 180,000. Ofisi 150,000. Jumla 2,300,000 vilevile.

Sasa itazame karatasi. Upande wa kushoto, karibu shilingi tisa katika kila kumi zilizoahidiwa ni shilingi za Kenya. Upande wa kulia, zaidi ya nusu ya matumizi ni dola. Hapo ndipo pengo linapozaliwa, na ukiweza kulieleza kwa sentensi mbili, yule mfadhili wa Hamburg amekwisha kujibiwa.

Utajua umefaulu pale mtu asiye mhasibu atakapoitazama karatasi na kukuambia mwenyewe, "Kumbe nyinyi mnakusanya shilingi na kununua kwa dola." Mimi huwapa watu wa nyumbani waisome.

Tahadhari: kama fedha zako zote huingia kwa dola au yuro na hubadilishwa siku unapozitumia, kuanguka kwa shilingi si sababu ya pengo lako. Huenda sababu ni kupanda kwa bei, au ulizibadilisha zote mapema zikakaa kwenye akaunti ya shilingi. Sema hivyo. Ukisingizia sarafu, mfadhili wa ng'ambo atakuwa wa kwanza kugundua.

## Hatua ya 2: Hesabu pengo kwa kiwango ulicholipa

Kanuni ni moja: dola ulizolipa, mara tofauti kati ya kiwango ulichotozwa na kiwango cha bajeti. Ifanye kwa kila malipo peke yake.

Shirika lilinunua viti kwa mafungu mawili. Machi, benki iliwauzia dola kwa 136:

5,000 × (136 − 125) = 55,000

Novemba, fungu la pili likiwa bado halijalipwa, benki iliwatajia 156:

5,000 × (156 − 125) = 155,000

Jumla shilingi 210,000.

Mfadhili makini atauliza kwa nini 136, ilhali mwezi ule wa Machi Benki Kuu ilitangaza karibu 130. Jibu ni kwamba kiwango cha Benki Kuu ni cha kuashiria tu. Benki ya biashara ina kiwango chake cha kuuza, na katika miezi ya mwanzo ya 2023 dola zilikuwa adimu kiasi kwamba tofauti ilikuwa kubwa. Basi tumia kiwango kilicho kwenye stakabadhi, na pembeni uandike cha Benki Kuu. Ukitumia cha Benki Kuu peke yake, hesabu haitalingana na taarifa ya akaunti. Ukificha cha Benki Kuu, itaonekana ulilipa ghali kwa uzembe.

Kumbuka pia kwamba benki ina viwango viwili. Unaponunua dola inakutoza kile cha juu. Unapouza yuro inakupa kile cha chini. Watu wengi hutumia kimoja kwa vyote viwili na hesabu yao inapotea kwa elfu kadhaa.

Tahadhari juu ya asilimia. Kutoka 125 hadi 156, dola imepanda bei kwa karibu asilimia 25. Lakini shilingi haikushuka kwa asilimia 25. Imepoteza karibu asilimia 20 ya thamani yake. Ni kweli zote mbili, ila kila moja na upande wake. Ushauri wangu ni kuacha asilimia kabisa na kuandika bei ya kitu kimoja: kiti kilekile, cha dola zilezile 250, kilikuwa shilingi 31,250 kwenye bajeti na sasa ni 39,000. Hilo hata mama anayeuza mbaazi kando ya kivuko analielewa bila kalamu, na ndiye mara nyingi anayetoa sadaka ya kila mwezi bila kukosa.

## Hatua ya 3: Toa yasiyo ya shilingi, na utaje ulichofaidi

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na mimi naiona kuwa ya lazima kuliko zote.

Pengo halina mzazi mmoja. Mwaka ule usafiri wa shirika ulizidi bajeti kwa 36,000. Je, ni shilingi iliyoanguka? Kwa sehemu, kwa kuwa mafuta yote huagizwa kutoka nje kwa dola. Lakini tarehe 1 Julai 2023 kodi ya thamani iliyoongezwa kwenye mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na bei ya dunia nayo ilipanda. Huwezi kuzigawa sababu hizo kwa uhakika, basi usizigawe. Weka 36,000 kwenye mstari wake na useme sababu zimechanganyika.

Kisha kuna 24,000 za kuhifadhi mzigo. Fungu la Machi lilikaa ghalani kwa sababu karatasi za msamaha wa kodi zilipelekwa kwa wakala wa forodha zikiwa na saini pungufu. Hilo halina uhusiano wowote na shilingi; ni kosa la shirika, na lazima liandikwe kama kosa la shirika. Najua inavyouma. Mwaka mmoja niliwahi kuuficha mstari kama huo ndani ya "gharama za ubadilishaji", na mfadhili mmoja mzee, mtu wa biashara ya kuagiza mchele, akaniuliza kwa upole tu benki gani siku hizi inatoza gharama za ghala. Nilishindwa kumtazama usoni.

Upande wa pili, ziko yuro. Zilipoingia Oktoba benki ilizinunua kwa 155, si 130. Shirika likapata 310,000 badala ya 260,000. Hiyo ni faida ya 50,000, na imeletwa na kuanguka kulekule kwa shilingi. Itaje. Familia ile ya Ujerumani inajua ilituma nini, na kiwango cha yuro wanakiona kwenye simu zao.

Hesabu kamili sasa:

| Sababu | Shilingi |
|---|---|
| Bei ya dola, mafungu mawili ya viti | 210,000 |
| Usafiri (mafuta, sababu mchanganyiko) | 36,000 |
| Ada ya ghala, kosa letu | 24,000 |
| Kutoa: faida ya yuro | −50,000 |
| Pengo | 220,000 |

Utajua umefaulu jumla hii ikilingana na taarifa ya akaunti: fedha zilizopo, ukitoa malipo yaliyobaki hadi Desemba, zipungue kwa kiasi hichohicho. Zisipolingana, usitafute maneno, tafuta stakabadhi iliyokosekana.

## Hatua ya 4: Geuza pengo liwe viti, kisha uamue unaomba nini

Shirika lilikuwa na akiba ya 64,000 na kamati ikakubali itumike yote. Pengo likabaki 156,000. Gawanya kwa 39,000: ni viti 4. Basi barua haiombi "msaada zaidi". Inasema watoto 36 watapata viti na 4 watasubiri, isipokuwa zipatikane shilingi 156,000.

Toa chaguo, mawili au matatu, na useme lipi kamati inalipendelea. Mfadhili asiye na uwezo wa kuongeza apate la kukubali pia, kwa mfano kuridhia lengo lipunguzwe hadi viti 36. Usipompa chaguo hilo atanyamaza kwa haya, nawe utaichukua kimya yake kuwa hasira.

Tahadhari juu ya fedha zenye kusudi. Mratibu akibanwa hushawishika kuazima kutoka mfuko mmoja kuziba mwingine. Fedha iliyotolewa kwa mishahara ya mtaalamu wa viungo usiihamishie kwenye viti kabla aliyeitoa hajaridhia kwa maandishi. Na hapa kwetu liko la zaka. Aliyetoa zaka amekusudia imfikie anayestahiki. Usiitumie kulipia ghala wala kodi ya ofisi. Iweke kwenye orodha yako peke yake tangu mwanzo, na ukiwa na shaka muulize mtoaji na shekhe anayemwamini.

## Hatua ya 5: Andika barua

Kurasa mbili, si zaidi, na jedwali moja. Jambo kuu liwe kwenye aya ya kwanza. Sisi watu wa Pwani tuna ada ya kuzunguka na salamu ndefu kabla ya kufikia haja. Kwenye simu ni uungwana, kwenye barua ya fedha humfanya msomaji ahisi kuna jambo linafichwa. Salamu ya mstari mmoja yatosha.

Mpangilio niliouona ukifanya kazi ni huu: pengo na athari yake, kwa nini limetokea, jedwali, tulichofanya wenyewe, tunachoomba na mwisho wa kujibu, tutakachobadilisha. Hii hapa ya shirika letu la mfano.

> Likoni, Mombasa
> 6 Novemba 2023
>
> Kwa wafadhili wetu waheshimiwa,
>
> Salaam. Tunaandika kuwaarifu kwamba bajeti ya viti vya magurudumu ya mwaka huu ina pengo la shilingi 220,000. Tumeziba 64,000 kwa akiba yetu. Zimebaki 156,000, ambazo ni bei ya viti 4 kati ya 40 tulivyowaahidi.
>
> Sababu kubwa ni hii: michango yetu mingi hutolewa kwa shilingi, lakini viti vinauzwa kwa dola. Desemba iliyopita tulikadiria dola moja kwa shilingi 125. Machi benki ilituuzia kwa 136, na wiki hii imetutajia 156. Kiti kilekile cha dola 250 kimetoka shilingi 31,250 hadi 39,000.
>
> Wafadhili wetu walio ng'ambo watauliza kama michango yao haikuongezeka thamani. Imeongezeka. Yuro 2,000 tulizopokea Oktoba zilitupa shilingi 50,000 zaidi ya tulivyokadiria, nasi tumezitoa kwenye pengo. Hazikutosha kulifuta kwa sababu ni sehemu ndogo ya mapato yetu.
>
> Si pengo lote limeletwa na sarafu. Usafiri umezidi kwa 36,000 kwa sababu ya bei ya mafuta, na 24,000 ni ada ya ghala tuliyotozwa Machi kwa kuchelewa kukamilisha karatasi za forodha. Hilo la pili ni kosa letu. Tangu hapo karatasi hukaguliwa na watu wawili kabla mzigo haujafika bandarini. Jedwali na nakala za stakabadhi zimeambatishwa.
>
> Tumefikiria viti vya bei nafuu vya kukunja. Mtaalamu wetu amevikataa kwa watoto hawa: havishiki kiwiliwili, mtoto huinama upande mmoja na kupata vidonda vya mgandamizo. Tumeunganisha safari za Likoni na Mtongwe ziwe siku moja, na tumeomba muuzaji aishike bei ya dola hadi tarehe 24 Novemba. Amekubali.
>
> Tunaomba mtujibu kabla ya tarehe 20 Novemba kwa moja ya haya:
>
> 1. Kuchangia sehemu yoyote ya shilingi 156,000. Hili ndilo kamati inalolipendelea.
> 2. Kuridhia kwamba mwaka huu tutoe viti 36, na watoto 4 wawe wa kwanza kwenye orodha ya mwaka ujao.
>
> Tarakimu ya 156,000 imetokana na kiwango cha leo. Dola ikishuka au kupanda kabla hatujalipa, tutawaandikia tofauti yake na namna ilivyotumika.
>
> Kuanzia bajeti ijayo tutaandika kiwango cha kubadilisha fedha kwenye ukurasa wa kwanza, tutanunua dola za viti mara michango inapoingia badala ya kusubiri mzigo, na tutawaarifu dola ikipita kiwango cha bajeti kwa shilingi 10.
>
> Kwa heshima,
> Mratibu
> Mweka hazina

Saini mbili si mapambo. Mweka hazina akisaini, msomaji anajua kuna mtu wa pili aliyezipitia hesabu.

Itazame ile ahadi ya shilingi 10. Kama ingekuwepo mapema, wafadhili wangepata habari tangu Machi, dola ilipofika 136, wakati pengo lilikuwa 55,000 tu. Barua ya Novemba ingekuwa ya pili na nyepesi zaidi. Sehemu kubwa ya hasira ninazoziona kwa wafadhili hutokana na kuchelewa kuambiwa kuliko na ukubwa wa pengo.

## Hatua ya 6: Isome kama asiyekuamini

Iache ilale usiku mmoja, kisha ipitie ukitafuta haya.

Utabiri. Futa kila sentensi inayosema shilingi itaendelea kuanguka au itapona. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, na wengi waliandika bajeti za mwaka kwa kiwango cha 170 na 180. Februari serikali ikauza Yurobondi mpya, yaani hati ya mkopo wa nje, ya dola bilioni 1.5 ili kulipia sehemu ya ile iliyokuwa inaiva Juni, hofu kwamba ingeshindwa kulipa ikatulia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya 135. Waliokuwa wamewaomba wafadhili nyongeza kwa utabiri wa 180 walibaki na maswali magumu ya kujibu.

Siasa. Barua si pahali pa kulaumu serikali wala Benki Kuu. Wafadhili wako wako pande zote, na lawama haiongezi kiti hata kimoja.

Picha ya huzuni. Mtoto anayesubiri anaweza kutajwa, lakini kwa jambo la kupimika. "Msichana wa miaka 8 anayekalia kiti alichopimiwa akiwa na miaka 5, nyonga zake zimebana na fundi ameshaondoa pedi za pembeni" inaeleza haja kuliko machozi. Bila jina, bila uso, na kwa idhini ya mzazi.

Maneno ya kujificha. "Changamoto za kiuchumi" haisemi kitu. Badala yake weka bei na tarehe.

## Hatua ya 7: Itume kwa mpangilio, kisha fuatilia

Mfadhili mkubwa kuliko wote mpigie simu kabla barua haijamfikia, au mfuate dukani. Asiisome kwenye kikundi cha Wasapu pamoja na watu wengine. Wazee wa mjini, hasa, huhesabu kupigiwa simu kuwa ni heshima wanayostahili, na mara nyingi hapo hapo hukuuliza swali ambalo litakusaidia kuirekebisha barua.

Siku hiyohiyo itume kwa waliobaki, kila mmoja kwa jina lake: Mzee, Bi, Maalim, Daktari, vile unavyomwita siku zote. Ambatisha jedwali na stakabadhi katika faili moja. Funika namba za akaunti, ila kiwango na tarehe viachwe vionekane.

Baada ya wiki moja wakumbushe wasiojibu kwa ujumbe mfupi. Asiyejibu hata hivyo usimhesabu kuwa ameridhia. Ahadi yake ibaki kama ilivyokuwa.

Utajua umefaulu kwa aina ya maswali yanayorudi. Wakiuliza "lini mtalipa" au "naweza kutoa viti viwili?", barua imeeleweka. Wakiuliza "fedha zilienda wapi", rudi Hatua ya 3. Kuna mstari haujawekwa wazi.

Siku utakayolipa, andika ujumbe wa mwisho kabla hujafunga faili. Tuseme michango ilifika 156,000 na benki ikauza dola kwa 157 badala ya 156: "Tumelipa dola 5,000 leo kwa kiwango cha 157. Imezidi makadirio kwa shilingi 5,000, ambazo wanakamati wamechangishana. Viti vyote 20 vya fungu la pili vimeagizwa. Stakabadhi hii hapa."